Pepa 10 kwa wiki au ratiba ya ngazi: ipi uichukue kwa litrecha rivyu yako

Hizi ratiba mbili nimezitumia zote, tena kwenye mada ileile, kwa hiyo nalinganisha kwa kilichonikuta. Mada yangu ya masta ilikuwa pesa za simu na jinsi kaya zinavyohimili misukosuko, yaani mvua ikigoma, mtu akiugua, mifugo ikifa. Mchana nilikuwa kazini kwenye saccos moja Morogoro, kusoma ni kuanzia saa mbili usiku watoto wakishalala, na Jumamosi asubuhi. Nikipiga hesabu bila kujidanganya napata masaa 10 kwa wiki. Shika hiyo 10 kichwani maana ndo inayoamua kila kitu huku chini.

Ratiba ya kwanza naiita ya idadi. Pepa 10 kila wiki, wiki 8, mwisho wa siku una pepa 80 na unaanza kuandika. Notsi zake ni muhtasari, ukimaliza pepa unaandika nusu ukurasa kwenye faili moja refu la Word, unaenda inayofuata. Ratiba ya pili ni ya ngazi: kila wiki unachuja pepa 15 harakaharaka, unasoma 4 kawaida, unachimba 1 tu, na notsi zinaingia kwenye jedwali moja la eksel, mstari mmoja kwa pepa moja. Ukiziweka pamoja kwa masaa yaleyale zinakaa hivi:

| | Ya idadi | Ya ngazi |
|---|---|---|
| Jumatatu | pepa 2, saa 2 | kuchuja 15, saa 1 |
| Jumanne hadi Ijumaa | pepa 5, saa 5 | kusoma 4, saa 4 |
| Jumamosi | pepa 3, saa 3 | kuchimba 1, saa 3 |
| Jumapili | mapumziko | jedwali, saa 1 |
| Baada ya wiki 8 | 80 zimesomwa kwa saa moja moja | 120 zimechujwa, 32 zimesomwa, 8 kati yake zimechimbwa |

Ya ngazi inatumia masaa 9, hilo moja lililobaki ni la umeme kukatika au pdf kugoma kufunguka, na usilipangie kazi nyingine.

Sasa shida ya ile ya idadi haionekani kwenye jedwali, mpaka uishi nayo. Masaa 10 kwa pepa 10 maana yake kila pepa inapata saa moja, iwe nzuri iwe takataka. Kuna mwalimu wa sayansi ya kompyuta anaitwa S. Keshav, mwaka 2007 aliandika maelezo mafupi sana ya namna ya kusoma pepa na wengi tunayatumia mpaka leo, anasema upite mara tatu: mara ya kwanza dakika 5 hadi 10, kichwa, abstrakti, utangulizi, vichwa vya sehemu na hitimisho, mara ya pili mpaka saa moja, unaelewa hoja na picha na majedwali ila huhangaiki na kila hatua ya hesabu, mara ya tatu unaijenga upya pepa kichwani kana kwamba wewe ndo umeiandika, na hiyo kwa mgeni wa fani inaweza kula masaa 4 au 5. Ukiangalia hapo utaona ratiba ya idadi inakuweka kwenye ile ya pili milele. Pepa iliyostahili dakika 5 inakuibia dakika 55, na ile iliyostahili asubuhi nzima unaiacha ikiwa mbichi.

Na kuna kitu kingine ambacho mtu hakwambii, ukishaambiwa 10 kwa wiki unaanza kuchagua pepa kwa urefu. Mi wiki ya tatu Ijumaa nilikuwa na pepa 6, zimebaki 4, nikajikuta natafuta zenye kurasa chini ya 15. Nikazipata. Zilikuwa vi-pepa vya maoni ya sera, havina deta yake, vyote vinarudia matokeo ya watu walewale ambao sijawasoma bado. Namba ikafika 10 na nikalala kwa amani kabisa. Halafu kuna mtego wa fani yetu, pepa za uchumi huwa zinazunguka miaka kama rasimu kabla hazijatoka kwenye jarida, na zikitoka mara nyingine kichwa kimebadilika na namba za ndani zimebadilika. Nilihesabu kazi moja mara mbili, wiki ya 1 kama rasimu na wiki ya 4 kama makala ya jarida, na nilizitolea muhtasari mbili tofauti bila kustuka!

Ila kilichonifanya nibadilishe ni hiki. Wiki ya pili nilisoma Suri na Jack, ile ya 2016 kwenye jarida la Science, wanaosema kusambaa kwa M-Pesa Kenya kumeinua kaya kama 194,000 kutoka kwenye umaskini, asilimia 2 ya kaya za nchi nzima, na matokeo yana nguvu zaidi kwa kaya zinazoongozwa na wanawake. Nikaandika muhtasari wangu safi. Wiki ya sita nikamsoma Bateman na wenzake wa 2019, ambao wameandika pepa nzima kuipinga hiyohiyo, wanasema haikuhesabu biashara ndogo zinazokufa na zile zinazosukumwa nje na mpya, wala madeni, wala pesa inayotoka kwenye jamii kwenda kwa wenye hisa. Nikaandika muhtasari safi tena. Umbali kati ya huo na ule kwenye faili langu ulikuwa kurasa kama 20. Siku ya kuandika sura nikaweka madai ya wa kwanza kwenye ukurasa wa 3 kama ukweli usio na mpinzani, na wa pili nikamweka ukurasa wa 9 kwenye aya ya changamoto. Supavaiza wangu alizungushia zote mbili kwa peni nyekundu, akachora mstari kutoka ukurasa hadi ukurasa, akauliza hawa watu wanajuana? Sikuwa na jibu.

Muhtasari ndo unavyofanya kazi, unakaa na pepa yake. Jedwali linazilazimisha pepa zikae jirani. Hiyo ndo tofauti kubwa kati ya hizi ratiba mbili, kubwa kuliko hata idadi.

Basi ya ngazi inavyoenda kwa wiki moja halisi. Jumatatu nachukua majina 15 niliyoyakusanya kwenye Zotero, ile programu ya kutunzia pepa na marejeo. Dakika 4 kwa moja: kichwa, abstrakti, jedwali la kwanza la matokeo. Nauliza maswali mawili tu, je inaongelea kaya kuhimili mshtuko au inaongelea tu watu wangapi wana akaunti, na je ina deta yake yenyewe. Ikikosa lile la kwanza inatoka, ila siifuti, naiwekea tegi "nje" na sababu kwa maneno matatu, kwa sababu baada ya mwezi utaikuta tena kwenye gugo skola na utaanza kujiuliza hii niliiona au sikuiona. Wiki niliyoikumbuka vizuri, kwenye 15 zilitoka 9, zikabaki 6. Nne zikaingia ratiba ya wiki, mbili zikasubiri.

Moja ya hizo nne ilikuwa ya Riley, 2018, inayohusu Tanzania yetu hii. Saa moja. Anachofanya ni kuangalia vijiji vilivyopata mshtuko wa mvua na kulinganisha kaya zinazotumia pesa za simu na zisizotumia. Anaona watumiaji matumizi yao ya kila siku yanashikilia, ila jirani yao kijiji kilekile asiyetumia hafaidiki na chochote. Hapo kengele ikalia, kwa sababu nilikuwa nimeshawasoma Jack na Suri wa 2014 wa Kenya, ambao wanaona wasiotumia matumizi yanaanguka kwa takriban asilimia 7 wakipata msukosuko na watumiaji hawatikisiki. Zinafanana lakini si kitu kimoja. Ya Kenya inahesabu misukosuko ya kila namna inayoipata kaya, ya Tanzania ni mvua inayopiga kijiji kizima kwa mkupuo, na hiyo tofauti ina maana kubwa maana kijiji kizima kikiumia hakuna jirani wa kumkopa, msaada lazima utoke mbali. Kwa hiyo Riley akapanda ngazi, akawa ndo pepa ya Jumamosi, masaa 3, daftari na peni, simu nimempa mke wangu aishike.

Utajuaje ipi ya kupandisha? Kwangu vigezo ni viwili: ama pepa inagusa swali langu moja kwa moja kwa mbinu ninayotaka kuitumia, ama inapingana na mstari ulioko tayari kwenye jedwali. Umaarufu wa mwandishi sio kigezo. Na ukiona wiki mbili mfululizo huna ya kupandisha, usichimbe yoyote ilimradi, hayo masaa 3 tumia kurudi nyuma na mbele: nyuma ni orodha ya marejeo ya pepa uliyochimba mwisho, mbele ni kubofya "Cited by" kwenye Google Scholar uone nani wameitaja tangu itoke. Bateman ukimtafuta kwa maneno ya kawaida unaweza kumkosa, ila ukibofya hapo chini ya Suri na Jack unampata.

Sasa notsi. Jedwali langu lina safu saba na nilianza na kumi na nne, nikaona nusu zinabaki tupu nikazikata. Nani na mwaka, swali lao, wapi na deta gani, mbinu, walichopata, udhaifu, na ya saba ndo mama wa zote, "inakutana na nani". Mstari wa Riley ulikuwa hivi:

```
Nani:      Riley 2018
Swali:     pesa za simu zinakinga kaya na mshtuko wa mvua?
Wapi:      Tanzania, kaya zilezile zikihojiwa zaidi ya mara moja
Mbinu:     watumiaji dhidi ya wasiotumia, kijiji chenye mshtuko
Walipata:  watumiaji wanashikilia; majirani hawafaidiki
Udhaifu:   M: mtumiaji si wa kubahatisha, labda ana ndugu mjini tayari
Inakutana: Jack na Suri 2014 (inakubaliana, ila mshtuko tofauti)
```

Ile herufi M ipo makusudi. Natumia herufi tatu, N ni nukuu neno kwa neno na namba ya ukurasa, M ni maneno yangu, S ni swali nililobaki nalo. Kwenye faili la muhtasari la ile ratiba ya kwanza sikuwa nazo, na miezi minne baadaye nikakuta sentensi nzuri kweli ya Kiingereza ambayo sikujua kama niliitunga mwenyewe au nimeinyofoa. Ukiiacha na ni ya mtu, mashine ya kukagua wizi wa maandishi itaidaka, na ukiitoa na ni yako umepoteza. Nilifungua pdf 11 kuitafuta. Jioni nzima iliishia hapo na sentensi yenyewe niliifuta tu.

Kuna sheria moja ya kujaza na ndo inayobeba ratiba yote: hakuna kufungua pepa mpya kabla mstari wa pepa iliyotangulia haujajaa, siku hiyohiyo, na pdf ikiwa imefungwa. Ukiifunga ndo unagundua hujaelewa. Safu ya mbinu ikikataa kutoka kichwani unaruhusiwa kufungua tena, unaangalia, unafunga, unaandika. Inaongeza kama dakika 10 kwa pepa na hizo ziko ndani ya ile saa moja, kwa maana hiyo kusoma kwenyewe ni dakika 50. Jumapili sisomi kitu, napanga tu jedwali kwa safu ya "walipata", kisha kwa safu ya "wapi", naangalia nani kakaa jirani na nani. Aya za sura yangu ya pili karibu zote zilizaliwa Jumapili. Ile ya majirani kutofaidika ilikuja hivyo.

Kuhusu Zotero, ni bure na inatosha, ila nafasi ya bure ya kuhifadhi mtandaoni ni MB 300 tu na pdf zilizoskaniwa zinaimaliza mapema. Zima kusawazisha mafaili, acha isawazishe taarifa za pepa tu, pdf zenyewe weka kwenye laptopu na kopi kwenye flashi. Kama unatumia bando la simu utanishukuru.

Haya, sasa usije ukadhani ya idadi haina kazi. Mwenzangu tuliyekuwa tunakaa naye maktaba alikuwa wa afya ya jamii, anafanya mapitio ya kimfumo, yaani systematic review, kuhusu matumizi ya vyandarua kwa wajawazito, na yeye ngazi zingemharibia. Kazi ya aina hiyo kuchuja ni hatua ya peke yake, inafanywa mwanzo kwa vigezo vilivyoandikwa kabla, mara nyingi watu wawili kila mmoja kivyake halafu wanalinganisha, na inahesabiwa, ngapi zimeingia ngapi zimetoka na kwa nini. Zikishabaki zile za mwisho, kwake zilibaki 48, kila pepa lazima inyonywe vitu vilevile kwa kina kilekile. Huwezi kusema hii naichimba hii naipitia, huo ni upendeleo na mtahini atauona. Yeye akaweka 8 kwa wiki, wiki 6, ikaisha. Idadi inafanya kazi pale ambapo rundo limeshasafishwa na pepa zinafanana umbo.

Hali nyingine ambayo idadi inashinda ni pale supavaiza amekupa orodha yake ya pepa 20 au 25 akisema anza na hizi. Kuchuja ameshakuchujia yeye. Weka 5 kwa wiki, maliza kwa mwezi, halafu ndo uhamie ngazi ukianza kutafuta za kwako. Kama unasoma kutwa, huna kazi nyingine, na una masaa 25 au 30, hapo pepa 10 kwa wiki zinapata karibu masaa matatu kila moja na lile tatizo la saa moja linapungua sana, ila bado ningekwambia uandike kwenye jedwali badala ya muhtasari. Hapo sibadiliki.

Ila kama uko kama nilivyokuwa mimi, mada umeichagua mwenyewe, rundo ni kubwa na hujui lipi lina maana, masaa hayafiki 12, chukua ngazi. Na ukitaka kujua kama ratiba uliyo nayo imeshaanza kuoza bila kusubiri peni nyekundu, Jumapili chukua mstari mmoja wa wiki mbili zilizopita, ufiche, ujaribu kusema kwa mdomo walipata nini, kwa watu gani, na kwa nini usiwaamini kabisa. Ukishindwa hilo la tatu kwa mistari mitatu mfululizo, idadi yako ni kubwa mno, punguza moja. Safu ya udhaifu ikiwa tupu au imejaa "sampuli ndogo" kila mahali, ujue unaandika ili kujaza.

Na lini uache kusoma? Ya idadi inakwambia wiki ya 8, hata kama ya muhimu zimeisha wiki ya 5 au hazijaisha kabisa. Ya ngazi inakuonyesha Jumatatu. Mi wiki ya 7 kwenye 15 zikabaki 2, na zote mbili tayari zilikuwa zimetajwa kwenye safu ya "inakutana". Orodha za marejeo zikawa zinanirudishia majina yaleyale, Kenya, Uganda, Msumbiji, Tanzania, watu walewale. Nikaacha kuchuja, wiki ya 8 nikaitumia kuchimba mbili zilizosubiri, basi.

La mwisho ni wiki iliyokufa, maana lazima itakuja, mtoto ataumwa au ofisini ni kufunga hesabu za mwisho wa mwezi. Kwenye ratiba ya idadi wiki iliyokufa ni deni, wiki ijayo ni pepa 20, huwezi, inayofuata ni 25, na hapo ndo watu wanapoacha kabisa mpaka muhula mwingine. Kwenye ngazi unabaki na ile saa moja ya Jumatatu tu, unachuja 15, unalala. Zile 4 na ile 1 hazihamishwi kwenda mbele, zinafutwa, na Jumatatu inayofuata zitashindana upya na nyingine kama zina ubavu.